Bi Mabano na Mwandiko wa Mwanawe

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kwenye karatasi ya mshahara. Kwingine kote aliitwa Bi Mabano, na tusidanganyane, halikuwa jina la mapenzi. Madaktari ndio waliompa, wakiwa kwenye chai, siku ambayo mmoja wao alirudishiwa cheti cha dawa chenye mabano mengi kuliko dawa. Jina likamganda. Yeye alijifanya halijui, lakini akisikia mtu analitamka kwenye korido alinyoosha mgongo kidogo, mithili ya askari aliyeitwa kwa cheo chake.

Kazi yake ilikuwa kunakili. Hospitali ilikuwa imenunua kompyuta kwa ajili ya duka la dawa, ikasahau kuwanunulia madaktari, au labda haikusahau ila ilichoka. Basi madaktari waliendelea kuandika kwa mkono, na mtu fulani alipaswa kukaa katikati, ageuze mikwaruzo kuwa maandishi. Mtu huyo alikuwa yeye. Chumba chake kilikuwa chembamba, kati ya ghala la dawa na dirisha la kutolea dawa. Zamani kilikuwa stoo ya mifagio, na siku za mvua bado kilinukia sabuni ya kudekia. Humo alikaa na kompyuta moja, printa iliyokohoa kabla ya kutoa kila karatasi, na trei ambamo vyeti vilitua mfululizo kutoka vyumba vya madaktari. Alichokiandika kilichapwa, kikabanwa pamoja na cheti chenyewe, kikaenda kwa mfamasia.

Ukutani, juu ya kompyuta, mfamasia alikuwa amebandika amri yake: Andika ulichokiona, usiandike unachokijua. Watu wengi hupita mbele ya amri za ukutani bila kuziona. Bi Mabano aliishika hii kama wengine wanavyoshika dini. Daktari akiandika od, yeye aliandika od. Bd, yaani mara mbili kwa siku, ilibaki bd; tds, yaani mara tatu, ilibaki tds; na 5/7, ambayo kila mtu wa pale alijua ni siku tano, iliingia kwenye kompyuta ikiwa 5/7 na ikatoka ikiwa 5/7. Mtu akimuuliza kwa nini asirahisishe mambo, alimsimulia habari za aliyekaa kwenye kiti kile kabla yake, mama mmoja mwenye roho nzuri kupita kiasi. Huyo aliona od kwenye cheti cha dawa ya macho, akaona awasaidie watu, akaandika "mara moja kwa siku." Daktari alikuwa amekusudia jicho la kulia, maana kwa madaktari wa macho od ni hilo. Mzee wa watu akaenda nyumbani akatia dawa kali macho yote mawili, lililougua na lililokuwa zima, akakaa wiki nzima anapapasa kuta za nyumba yake.

"Roho nzuri ikae nyumbani," Bi Mabano alimalizia hivyo kila mara. "Hapa tunanakili."

Na pale jina la dawa lilipogoma kusomeka, alifungua mabano, akaandika haisomeki, akayafunga. [haisomeki]. Hakuweka herufi mbili tatu za kuonjesha, wala dawa inayofanana yenye alama ya kuuliza mwishoni, kwa sababu alishaona alama za kuuliza zinavyodondoka njiani. Mtu mwenye haraka huona jina la dawa, haoni shaka. Kipimo kikisomeka alikiandika, siku zikisomeka aliziandika, na penye jina aliacha mabano yake. Mfamasia akiyaona, alinyanyua simu ya mezani akampigia daktari. Daktari alilazimika kumwacha mgonjwa kitini, ajibu ameandika nini, na mara nyingine aje mwenyewe dirishani kukitazama. Hapo ndipo chuki ilipozaliwa.

Daktari mmoja wa siku nyingi, aliyeandika kana kwamba kalamu inamuunguza vidole, aliwahi kumjia juu.

"Bi mkubwa, hapo ni wazi kabisa. Mtu aliyekaa hapa miaka yote hii anashindwaje kujua?"

"Kujua najua, daktari," alimjibu bila kuinua macho. "Ila kusoma sisomi. Mimi ni mnakili, sipigi ramli."

Mfamasia, mtu mwembamba aliyecheka bila kutoa sauti, alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mabega yake yalitikisika hadi daktari alipoondoka. Alimheshimu sana mama huyu. Alisema mbele za watu kwamba karatasi ya Bi Mabano isipokuwa na mabano, yeye hutoa dawa akiwa amefumba macho. Lilikuwa neno la sifa. Wote wawili walikuja kulijutia.

Sasa huyu mama alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyo alikuwa daktari. Alimsomesha kwa jasho lake, hadithi ambayo alimsimulia kila aliyekubali kukaa kwenye benchi karibu naye. Kijana alipomaliza masomo alipangiwa kazi mbali, akaoa hukohuko, kisha siku moja, bila mtu kuomba wala kuhonga, akahamishiwa hospitali ileile aliyofanyia kazi mama yake. Bi Mabano alifurahi hadi akapatwa na homa. Alidhani watakunywa chai pamoja, na jioni wataongozana kutoka kazini, mama na mwana. Alikuwa amesahau madaktari wanavyoishi. Mwanawe alipita kwenye korido mbiombio, koti linapepea, akamwinulia mkono kwa mbali kama anavyomwinulia mlinzi. Nyumbani kwake alikuwa na mke, na mke alikuwa na ratiba yake. Simu zao ziliisha kabla hazijaanza. "Mama, ngoja nikupigie baadaye," alisema, na baadaye hiyo ilikuwa na kawaida ya kutofika.

Kilichofika ni vyeti vyake.

Cha kwanza kilipotua kwenye trei, Bi Mabano alikitambua kabla hajasoma sahihi. Ulikuwa mwandiko uleule wa mtoto aliyemfundisha kushika penseli kwenye meza ya kulia chakula, ila sasa ulikuwa umesoma chuo, na chuo kilikuwa kimeuharibu. Herufi zilianza vizuri, katikati zikalala, mwisho zikawa uzi. Vidole vyake, kwa mazoea, vilifungua mabano. Kisha vikasita. Alikitazama kile cheti. Angeandika haisomeki, kwa nani? Huyu aliyemfundisha yeye mwenyewe a, e, i, o, u? Wangesema nini madaktari kwenye chai yao? Akafuta mabano, akaandika Amoxicillin, na moyo wake ukamwambia kwamba hajakisia. Kukisia ni kwa mtu usiyemjua, na huyu alimjua tangu tumboni.

Na kwa kweli alipatia. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana angekosea siku ile mambo yangeishia palepale. Alipatia cha pili na cha tatu. Akazoea. Vyeti vya madaktari wengine aliendelea kuvichapa kwa ukali wake wote, mabano kushoto na kulia, na vya mwanawe vikatoka visafi kama mashati ya Idi. Si hivyo tu. Alianza kuvisubiri. Mistari ikiinama sana upande wa kulia, alijua hajalala. Kalamu ikikandamiza hadi nyuma ya karatasi kukavimba, alijua nyumbani kuna maneno. Siku moja, alipoona kalamu imekandamiza vibaya sana, alimpigia simu mkwewe na kumwambia kwa upole kwamba mwanamume mwenye njaa hasikii kitu, amlishe kwanza ndipo waendelee na ugomvi wao. Mkwe alishangaa amejuaje. Mwana alishangaa zaidi.

"Mama, una wapelelezi?" alimuuliza wakati akipita kwenye korido.

"Nina macho," alisema, na furaha ile ikamtosha wiki nzima.

Basi ndivyo alivyozungumza na mwanawe. Mwana aliandika kuhusu vifua vya watu na matumbo ya watu, na mama akasoma habari zake yeye.

Mambo ya kuchekesha yalitokea kwenye kikao cha mwezi. Mganga mkuu, mwanamke mnene mwenye miwani aliyoishusha puani alipotaka kumwaibisha mtu, alieleza kwamba ameangalia vyeti vinavyorudishwa na duka la dawa. Akawataja madaktari wa zamani mmoja mmoja, kila mmoja akatazama viatu vyake. Kisha akasema yupo kijana mmoja ambaye tangu afike hajarudishiwa cheti hata kimoja.

"Hata kimoja," alirudia. "Na mnajua anayenakili ni nani. Si mtu wa kumwonea mtu huruma huyu."

Watu waligeuka kumtazama Bi Mabano, ambaye alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, na ukali wake wa miaka yote ukageuka kuwa muhuri juu ya mwandiko wa mwanawe. Kijana alipigiwa makofi. Ikaamuliwa kwamba madaktari wapya waliotarajiwa wapewe somo kuhusu uandishi mzuri wa vyeti vya dawa, na mwalimu awe yeye. Bi Mabano alipiga makofi kuliko wote. Yule daktari wa siku nyingi alimwinamia mwenzake akamnong'oneza kwamba yeye amewahi kuuona mwandiko wa huyo kijana, na kwamba kuku wake wa nyumbani huandika vizuri zaidi. Hakuna aliyemsikiliza. Walisema ni wivu wa uzee.

Siku iliyofuata mfamasia alipitisha kichwa mlangoni, mkononi ana cheti cha kijana na karatasi ya chapa, akivitazama kwa zamu.

"Bi Mabano, hiki wewe unakisoma?"

"Nakisoma."

"Kabisa?"

"Kwani nimeshawahi kukuandikia nisichokisoma?"

Kwa alivyojua mfamasia, alikuwa hajawahi. Akaomba radhi, akarudi kwenye rafu zake. Bi Mabano alibaki anatazama kioo cha kompyuta, akijisikia ameibiwa kitu, na asijue kwamba mwizi ni yeye.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, foleni ndefu, watoto wanalia kwa zamu. Kwenye trei kilitua cheti cha mwanawe kilichoandikwa kwa ajili ya fundi cherehani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa ameketi nje karibu kabisa na dirisha, amekumbatia mkoba wake. Mstari wa kwanza ulisomeka hata na kipofu: Tab Amlodipine 10mg od 1/12. Dawa ya presha, ya mwezi mmoja. Mstari wa pili ulianza na Tab Hyd, kisha kalamu ikaenda matembezini, ikarejea na zine, halafu 25mg tds 5/7.

Bi Mabano hakusita hata kidogo. Presha juu, presha chini. Mwanawe ameona dawa moja haitoshi, kaongeza ya pili. Akaandika Hydralazine 25mg tds 5/7, akachapa, printa ikakohoa, karatasi ikaenda. Akaona pia kwamba mistari imeinama sana, akawaza kumpelekea uji mchana.

Punde mfamasia akaja na ile karatasi.

"Hydralazine imekwisha. Mzigo haujaja. Nampigia mwanao abadilishe." Na kwa kuwa simu ilikuwa mezani kwa Bi Mabano, akampigia palepale, akabonyeza kitufe ili sauti itoke nje, maana mkono mwingine ulikuwa umeshika maboksi.

"Daktari, yule mama fundi cherehani. Hydralazine hatuna."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa upande wa pili.

"Hydralazine?" ilisema sauti ya mwanawe, ikiwa na uchovu. "Nimemwandikia hydralazine?"

"Ndivyo ilivyo kwenye chapa."

"Kachapa mama?"

"Ndiyo."

"Basi ndivyo. Kama mama kaandika hydralazine, ni hydralazine. Muulize yeye tumpe nini badala yake, yeye ananijua." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye foleni mlangoni, akakata simu.

Mfamasia naye alicheka bila sauti, mabega yakatikisika. Lakini Bi Mabano hakucheka. Miezi yote hiyo alidhani yeye anamsoma mwanawe. Kumbe mwanawe ndiye aliyekuwa anamsoma yeye. Kijana hakuwa akiandika tena. Alikuwa akitupa mstari kwenye karatasi, akijua kuna mtu huko chini atakayeuokota na kuuvalisha nguo. Na huyo mtu, ambaye hakusoma hata siku moja ya udaktari, alikuwa ameketi kwenye stoo ya mifagio akiwapangia watu dawa.

"Nipe hiyo karatasi," alisema.

"Ya nini?"

"Nipe tu, baba."

Aliichana. Akarudi kwenye kompyuta, akaiacha Amlodipine kama ilivyo, akafika mstari wa pili. Aliandika Tab, akafungua mabano, akaandika haisomeki, akayafunga, kisha 25mg tds 5/7. Akachapa. Akamkabidhi mfamasia, na mfamasia akasoma, akamtazama, akasoma tena.

"Bi Mabano. Sasa hivi tu ulikuwa umeisoma."

"Sikuisoma. Niliijua. Mwite aje mwenyewe. Mwambie akishuka aje na macho yake."

Mwana alishuka akiwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana hakuwahi kuitwa dirishani tangu afike. Foleni ilimpisha. Yule fundi cherehani akasimama kwa heshima, akijua ni cheti chake ndicho kinachozungumzwa. Kijana alichukua cheti, akakitazama. Akakigeuza kidogo kwenye mwanga. Akakisogeza karibu, kisha mbali. Bi Mabano alimwona akikunja kipaji cha uso kama alivyokunja utotoni mbele ya hesabu za kugawanya, na alitamani kioo cha dirisha kisiwepo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, akiinamia dirisha ili watu wasisikie. "Hapa niliandika nini?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Hydralazine. Angelisema na mambo yangekwisha, foleni ingesogea, mtoto wake angepanda ngazi na heshima yake. Hakuna mama ambaye asingemwelewa. Mfamasia alikuwa amesimama nyuma yake.

"Haisomeki, daktari," alisema.

Hakuwahi kumwita daktari. Kijana aliinua uso, wakatazamana kupitia kioo, na wekundu ulimpanda hadi masikioni. Nyuma ya foleni mtu mmoja alicheka. Yule daktari wa siku nyingi, aliyekuwa akipita na kikombe chake, alisimama makusudi.

Basi kijana akafanya kile kilichopaswa kufanyika tangu mwanzo. Akamgeukia mgonjwa.

"Mama yangu, samahani. Tulizungumza nini kule juu?"

"Si nilikuambia presha ninayo ya siku zote, dawa zimekwisha," alisema fundi cherehani, akishangaa kuulizwa tena. "Na hivi vipele vya mikononi. Tangu lile gora jipya la kitambaa liingie dukani, najikuna mpaka nashindwa kushika mkasi. Ukasema utanipa kitu cha kutuliza muwasho." Akapandisha mikono ya gauni, na mikono ilikuwa imechubuka hadi kwenye viwiko.

Kijana alifumba macho.

"Hydroxyzine," alisema. "Ni ya muwasho. Hydroxyzine."

Mfamasia aliandika pembeni ya cheti, akamsogezea atie sahihi. Kisha akamgeukia Bi Mabano na kumweleza kwa sauti ya kawaida, akitenga maneno kama anavyotenga vidonge, kwamba ile nyingine inashusha presha, na kwa huyu mama, juu ya ile dawa yake ya kila siku, ingeweza kumshusha hadi akaanguka juu ya cherehani yake. Na mikono ingeendelea kuwasha. Bi Mabano aliitikia kwa kichwa. Kilichookoa watu siku ile, ukitaka kukitaja kwa jina lake, ni duka la dawa kuishiwa dawa. Kwenye ripoti za hospitali hilo huandikwa chini ya matatizo.

Hakungoja kuulizwa. Jioni, madirisha yalipofungwa, alimwambia mfamasia yote, na mfamasia hakucheka. Walitoa vyeti vyote vya kijana kwenye mafaili, wakavipitia kimoja kimoja, na kila alipofika kwenye neno alilolijua bila kulisoma, Bi Mabano alifungua mabano kwa kalamu nyekundu. Kazi iliwachukua siku kadhaa. Kijana akaitwa, akaketi nao kwenye chumba kile chembamba, goti lake likigusana na la mama yake, akiulizwa hiki ni nini na kile ni nini, na wagonjwa wakapigiwa simu. Karibu kote mama alikuwa amepatia. Mfamasia alisema hilo ndilo linalomtisha zaidi. Angekuwa anakosea ovyo wangemkamata mapema.

Mganga mkuu alishusha miwani puani. Bi Mabano alipewa onyo la maandishi, akalipokea kwa mikono miwili, akalisoma lote mbele yake, na hakukuta neno lisilosomeka. Kijana hakupewa onyo. Alipewa adhabu kubwa kuliko hiyo: somo la madaktari wapya halikuahirishwa, kwa kuwa matangazo yalikuwa yamekwisha bandikwa. Ikabidi aingie ukumbini kufundisha mwandiko mzuri, hospitali nzima ikiwa imeshasikia.

Alifanya jambo ambalo mama yake, aliyekaa nyuma karibu na mlango, hakulitegemea. Alikibandika ubaoni cheti cha fundi cherehani, kikiwa kimekuzwa na jina la mgonjwa limefunikwa, akawaambia madaktari wapya wasome mstari wa pili. Mmoja akasema hydralazine, kwa uhakika wote. Mwingine akasema hydroxyzine. Wa tatu akaapa kwamba ni dawa nyingine kabisa. Wakaanza kubishana, sauti zikapanda. Akawaacha wabishane mpaka wakachoka wenyewe.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Na mimi mwenyewe sikuweza kuusoma. Mkiletewa mabano, shukeni mkaangalie. Msiulize anayenakili mliandika nini."

Yule daktari wa siku nyingi alipiga makofi peke yake, taratibu, na ilikuwa vigumu kujua kama ni dhihaka.

Kuanzia wiki ile vyeti vya kijana vilibadilika. Alikuwa akiandika kwa herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake, jina la dawa limekamilika hadi herufi ya mwisho. Madaktari wengine wakafuata, mmoja kwa aibu, mwingine kwa kuogopa miwani ya mganga mkuu. Mabano yalipungua. Mfamasia alisema simu imepumzika hadi imeota vumbi, na kweli iliota. Bi Mabano alipongezwa na watu wasiojua kama wanampongeza au wanamsuta.

Na yeye alinakili. Cheti cha mwanawe kilitua kwenye trei, akakiweka mbele yake, akaandika alichokiona. PARACETAMOL 1G TDS 3/7. Alikigeuza nyuma, akapitisha kidole. Hakukuwa na uvimbe wa kalamu. Mistari ilinyooka kama ya kitabu cha shule, haikuinama kulia wala kushoto. Ingeweza kuwa imeandikwa na mtu yeyote, wa hospitali yoyote, aliyelala usingizi mnono au aliyekesha, aliyekula nyumbani kwake au aliyefungiwa mlango. Alikichapa, akakipeleka. Kikaja kingine, kisafi vilevile. Akakichapa nacho. Alijua kwamba ndivyo inavyotakiwa, na alijua kwamba yeye ndiye aliyeyataka haya, na moyo ulimuuma kama umefiwa.

Mchana, foleni ilipopungua, alifuta vumbi kwenye simu ya mezani, akapiga chumba cha mwanawe.

"Ndiyo, duka la dawa," ilisema sauti upande wa pili, ya haraka. "Cheti gani?"

"Ni mimi, mama yako."

"Mama. Kuna kitu hakisomeki?"

"Hapana, mwanangu," alisema Bi Mabano. "Vyote vinasomeka. Ndiyo maana nimekupigia."